Slaidi ya ratiba ya ujenzi isipokaa sawa: dalili, chanzo na tiba

Kazi ndogo ya ujenzi mara nyingi haina mtu wa kukaa na programu kubwa ya ratiba. Kuna fundi mkuu, kuna mwenye kazi, na kuna kompyuta moja yenye PowerPoint. Ratiba ya slaidi moja inatosha kabisa, mradi mistatili yake iseme ukweli kuhusu tarehe. Shida ni kwamba slaidi haijui tarehe ni nini. Kwake yeye kila kitu ni sentimita, na matatizo karibu yote yaliyomo humu yanazaliwa hapo: mtu anafikiri kwa siku, programu inafikiri kwa sentimita, na hakuna aliyekaa akaandika siku moja ni sentimita ngapi.

Nitatumia kazi moja mwanzo hadi mwisho: fremu mbili za duka, Tanzania, kuanzia Jumatatu tarehe 15 Juni 2026. Mafundi wanafanya kazi siku sita kwa wiki, Jumapili wanapumzika. Ratiba ni ya wiki 8, yaani siku za kazi 48, na safu zake ni 10:

| Kazi | Siku ya kuanza | Siku ya kumaliza |
|---|---|---|
| Kupima na kupiga kamba | 1 | 2 |
| Kuchimba msingi | 3 | 6 |
| Kujenga msingi | 7 | 12 |
| Kifusi na kushindilia | 13 | 15 |
| Jamvi | 16 | 17 |
| Kuta hadi lenta | 19 | 25 |
| Lenta: boksi, nondo, zege | 26 | 29 |
| Kumwagilia lenta | 30 | 35 |
| Kozi za juu na kupaua | 36 | 41 |
| Plasta, sakafu, milango | 42 | 47 |

Rangi sijaiweka kwa makusudi. Plasta mbichi inahitaji muda wa kukauka, na kuibana rangi ndani ya wiki hizi 8 ni kumwahidi mwenye kazi kitu kitakachobanduka.

Mpangilio ni huu: majina ya kazi na vichwa vya wiki vimo kwenye jedwali, na muda wa kila kazi ni mstatili uliowekwa juu ya jedwali hilo. Wapo wanaopaka rangi seli za jedwali badala ya kuweka mistatili. Njia hiyo nayo nitaifikia, kwa sababu ina ugonjwa wake.

## Dalili ya kwanza: mistatili ya mwanzo imekaa sawa, ya mwisho imepotea

Wiki ya kwanza na ya pili kila kitu kinapendeza. Ukifika wiki ya sita unaona kupaua kumeanzia katikati ya siku, na plasta imevuka mstari wa wiki bila sababu. Ukirekebisha mmoja kwa kipanya, wa pili unaonekana vibaya.

Chanzo ni viwili vinavyofanya kazi pamoja. Kwanza, safu wima za wiki hazilingani. Mtu alivuta mpaka wa jedwali kwa kipanya, wiki moja ikawa sentimita 2.9, nyingine 3.2, na macho hayakuona. Pili, mistatili iliwekwa kwa kukadiria, kwa hiyo kila mmoja umebeba kosa lake dogo.

Pima kabla ya kugusa chochote. Bofya ukingo wa jedwali, nenda kwenye kichupo cha `Layout` cha jedwali, kisha weka kishale kwenye seli ya kila wiki na usome `Width`. Kama namba hazifanani, umeshampata mkosaji.

Tiba ni kuchagua kipimo kinachogawanyika vizuri. Slaidi pana ya kawaida ya PowerPoint ina upana wa sentimita 33.867 na kimo cha 19.05. Acha sentimita 1 kushoto, toa sentimita 7.8 kwa safu ya majina, na wiki 8 zipe sentimita 3 kila moja. Jumla yake inaishia sentimita 32.8, na kulia inabaki sentimita moja na kidogo. Sasa angalia uzuri wa wiki ya sentimita 3: ukiigawa kwa siku sita, kila siku ya kazi ni nusu sentimita kamili. Chagua safu zote za wiki, bofya `Distribute Columns`, halafu andika 3 kwenye `Width`. Kama kompyuta yako inaonyesha inchi, andika `3 cm` na itageuza yenyewe.

Kuanzia hapo hakuna tena kukadiria. Siku ya kazi nambari n inaanzia hapa:

```
kushoto = 8.8 + (n - 1) x 0.5
upana   = idadi ya siku x 0.5
```

Hiyo 8.8 ni ukingo wa kushoto pamoja na safu ya majina. Chukua kumwagilia lenta, kuanzia siku ya 30 hadi ya 35. Kushoto ni 8.8 + 29 × 0.5, yaani 23.3. Upana ni siku sita mara nusu, yaani 3. Bofya mstatili kwa kitufe cha kulia, fungua `Size and Position`, andika 23.3 kwenye `Horizontal position`, hakikisha kando yake pameandikwa `Top Left Corner`, kisha andika 3 kwenye `Width`. Hapo mstatili umekaa, na ukivuta picha karibu kiasi chochote utakuta umegusa mstari wa siku yake.

Kama unaanza na tarehe na hutaki kuhesabu siku kwa vidole, Excel inakupa n moja kwa moja. Tarehe ikiwa kwenye seli B2:

```
=NETWORKDAYS.INTL(DATE(2026,6,15),B2,11)
```

Namba 11 inaiambia Excel kwamba mapumziko ni Jumapili peke yake. Ijaribu kwa tarehe 24 Julai 2026. Lazima itoe 35. Ikitoa 30, ujue mtu ameweka fomula ya kawaida inayoiruka na Jumamosi, na ratiba nzima itasogea bila mtu kuelewa kwa nini.

## Dalili ya pili: tarehe ni sahihi, lakini mstatili uko kwenye kazi ya jirani

Huu ni ugonjwa wa wima. Mstatili wa kupaua umekaa juu ya mstari kati ya kupaua na kumwagilia, na ule wa plasta umepanda kwenye safu isiyo yake. Kushoto na kulia hakuna kosa.

Hapa jedwali ndilo lililohama, mistatili haina hatia. Safu ya jedwali la PowerPoint ina tabia ya kurefuka yenyewe maandishi yasipotosha, na haimwulizi mtu. Tuseme umepanga kila safu iwe na kimo cha sentimita 1.2, maandishi ya ukubwa wa 14. Jina la mstari mmoja linaingia bila shida. Sasa mwenye kazi anakuomba uandike "Kupima, kusafisha na kupiga kamba" badala ya "Kupima na kupiga kamba". Kwenye sentimita 7.8, ukitoa nafasi tupu ya kingo, jina hilo linavunjika mistari miwili. Safu inakua kwa takriban robo ya sentimita, na safu zote tisa za chini zinashuka. Mistatili haijashuka. Majina mawili ya aina hiyo tena, na zile za chini kabisa zimekaa kwenye kazi isiyo yake.

Namna ya kulitambua ni kubofya safu moja moja na kusoma `Height`. Ile iliyo juu ya 1.2 ndiyo yenye jina refu. Fupisha jina, au punguza herufi za safu nzima ya majina, kisha chagua safu zote za kazi na uandike 1.2 upya. Ukiandika 1.2 bila kufupisha jina, programu itakukatalia kimyakimya na kurudisha namba yake.

Kuna namna nyingine ya ugonjwa huohuo inayosumbua zaidi: safu isiyo na neno hata moja inakataa kupungua. Unataka kichwa cha wiki kiwe sentimita 0.8, kinabaki 1.03. Sababu ni kwamba seli tupu nayo ina ukubwa wa herufi, hata kama hakuna herufi. Jedwali jipya huja na ukubwa wa 18, na herufi za 18 pamoja na nafasi ya juu na chini zinadai karibu sentimita 1.03. Bofya ukingo wa nje wa jedwali ili lichaguliwe lote, weka ukubwa wa 12 kwa seli zote zikiwemo tupu, ndipo 0.8 itakubalika.

Ukishakuwa na vichwa viwili vya 0.8 vinavyoanzia sentimita 3.2 kutoka juu, safu za kazi zinaanzia 4.8 na kuishia 16.8. Mstatili wa kimo cha 0.7 unakaa katikati ya safu yake ukiuweka hapa, r ikiwa ni nambari ya safu:

```
juu = 4.8 + (r - 1) x 1.2 + 0.25
```

## Dalili ya tatu: jedwali la siku 48 limevimba na kutoka nje ya slaidi

Hili linawakuta wale waliochagua kupaka rangi seli. Wanatengeneza jedwali lenye safu wima moja ya majina na 48 za siku, wanaweka kila moja nusu sentimita, na ghafla vichwa vya siku vinasimama herufi moja juu ya nyingine na jedwali linateremka hadi chini ya slaidi.

Hesabu yake ni fupi. Kila seli huja na nafasi tupu ya sentimita 0.25 kushoto na 0.25 kulia. Seli ya nusu sentimita ikitoa hizo mbili, inabaki sifuri. Hakuna pa kuandika hata tarakimu moja, kwa hiyo programu inashusha kila herufi mstari wake. Chagua jedwali lote, nenda `Layout`, fungua `Cell Margins`, chagua `None`. Halafu usiandike tarehe kwenye kila siku. Unganisha seli sita za juu za kila wiki kwa `Merge Cells` na uandike tarehe ya Jumatatu peke yake: 15 Juni, 22 Juni, 29 Juni, na kuendelea.

Je, njia hii ya seli ni bora kuliko mistatili? Ina faida moja kubwa: rangi haiwezi kuachana na jedwali, kwa sababu rangi ni jedwali lenyewe. Ratiba ambayo itaandikwa mara moja na kubandikwa ukutani, ipake rangi kwenye seli. Lakini kazi ikichelewa, huna kitu cha kusogeza. Unafuta rangi na kupaka upya, safu baada ya safu, na kwenye kazi saba zilizoathirika ni rahisi sana kusahau seli moja. Kwa ratiba ya ujenzi, ambayo kwa kawaida hubadilika kabla ya msingi kukamilika, mimi nachagua mistatili bila kusita.

## Dalili ya nne: umesogeza jedwali, mistatili imebaki nyuma

Unachagua jedwali pamoja na mistatili ili uviunganishe, na kitufe cha `Group` kimefifia. Si hitilafu ya kompyuta yako. PowerPoint hairuhusu jedwali kuingia kwenye kundi na maumbo mengine.

Unganisha mistatili peke yake kwa Ctrl+G, na jedwali liache kama lilivyo. Ukihitaji kusogeza vyote, bonyeza Ctrl+A, ondoa kichwa cha slaidi kwenye uteuzi kwa kukibofya huku umeshika Shift, kisha sogeza. Ila kwa ukweli, ukiwa na kipimo ulichokiandika, jedwali halina sababu ya kusogezwa. Likihama kwa bahati mbaya, lirudishe kwa namba: `Horizontal position` 1, `Vertical position` 3.2.

## Dalili ya tano: kazi moja imechelewa, na ratiba iliyorekebishwa inasema uongo

Hapa ndipo ninapotaka tukae, kwa sababu slaidi inaweza kuwa nzuri machoni na bado ikamwingiza mtu kwenye gharama.

Lori la kifusi limechelewa siku mbili. Kifusi na kushindilia, kazi iliyopaswa kuisha siku ya 15, imeisha siku ya 17. Mtu wa kompyuta anachagua mistatili yote iliyo mbele, anaisogeza siku mbili kulia, anahifadhi. Inaonekana ni sawa. Si sawa, na kosa linaanzia sikukuu.

Tarehe 7 Julai 2026, Sabasaba, ni Jumanne. Kwenye hesabu yetu ni siku ya 20. Kwenye ratiba ya kwanza kuta zilianza siku ya 19 na kuisha ya 25. Hizo ni nafasi saba kwenye slaidi, ila siku za kazi ni sita tu, kwa kuwa ya 20 hakuna mtu saiti. Mstatili ulikuwa na upana wa 3.5 kwa sababu umeivuka sikukuu. Kifusi kikichelewa siku mbili, jamvi linahamia siku ya 18 na 19. Ile siku moja tuliyoacha jamvi litulie kabla ya kupanga tofali inaangukia siku ya 20, Sabasaba yenyewe. Kuta zinaanza siku ya 21, na sikukuu imeshapita. Siku sita za kazi sasa ni 21 hadi 26, nafasi sita. Mstatili unapaswa kupungua kutoka 3.5 hadi 3, na kuta zinaisha siku moja tu baadaye kuliko mwanzo, si mbili.

Aliyesogeza vyote siku mbili amemwongezea mwenye kazi siku ambayo haipo. Fundi wa kupaua ataambiwa aje siku ya 38 wakati angeweza kuja siku ya 37, na fundi wa kupaua aliye huru siku hiyo anaweza kuchukua kazi nyingine.

Kwa hiyo utaratibu ni kuhesabu kwanza, kusogeza baadaye. Weka orodha ya kuanza na kumaliza kwenye Excel au hata daftari, irekebishe hapo safu moja moja, ndipo uende kwenye slaidi. Lenta inakuwa 27 hadi 30. Zege lake sasa linamwagwa Jumamosi tarehe 18 Julai badala ya Ijumaa tarehe 17.

Halafu linakuja suala la kumwagilia, na hapa wengi wanateleza. Ratiba hii imeipa lenta siku 7 za kumwagiliwa maji kabla ya kuanza kubebeshwa mzigo wa juu. Zege halijui Jumapili wala sikukuu. Linaendelea kukomaa, na linaendelea kudai maji. Slaidi yetu haina Jumapili. Sasa siku 7 za kalenda ni nafasi ngapi? Siku 7 zinazofuatana zina Jumapili moja, si zaidi wala pungufu, kwa hiyo siku zote ni nafasi sita, sentimita 3. Kwenye ratiba ya kwanza zilikuwa Jumamosi tarehe 18 hadi Ijumaa tarehe 24 Julai, siku ya 30 hadi ya 35. Kwenye ratiba mpya ni Jumapili tarehe 19 hadi Jumamosi tarehe 25, siku ya 31 hadi ya 36. Upana ni uleule. Aliyeandika nafasi saba amepoteza siku moja bure, na asiyeweka mstatili wa kumwagilia kabisa atamsikia fundi akiuliza mbele ya mwenye kazi, "Mzee, hapa tunapaua lenta ikiwa mbichi?"

Mhandisi wako akidai siku 10 badala ya 7, usiende kwa mazoea. Siku 10 zinaweza kuwa na Jumapili moja au mbili kutegemea zimeanza lini, kwa hiyo nafasi ni tisa au nane. Ihesabu kwa tarehe kila inapohama. Na kwa vile Jumapili haionekani kwenye slaidi, andika ndani ya mstatili huo "pamoja na Jumapili", ili mtu wa zamu ya maji ajulikane mapema.

Kupaua kunaanza siku ya 37, Jumatatu tarehe 27 Julai, na kuisha ya 42. Plasta, sakafu na milango inaanza ya 43 na inahitaji siku sita, yaani hadi ya 48. Siku ya 48 ni Jumamosi tarehe 8 Agosti, Nane Nane. Kazi ya siku ya mwisho inaangukia Jumatatu tarehe 10 Agosti, na slaidi yetu haina tarehe 10 Agosti.

Hilo ndilo jambo ambalo mtu anayesogeza kwa macho hawezi kuliona. Mstatili wake unafika mwisho wa jedwali, unapendeza, na mwenye kazi anapangisha fremu kuanzia tarehe 9.

Sasa kusogeza kwenyewe. Usichague mistatili mingi kisha ukaandika `Horizontal position`, kwa kuwa yote itapewa namba ileile na kurundikana mahali pamoja. Ikishatokea, Ctrl+Z mara moja. Njia salama ni gridi. Kwenye kichupo cha `View`, bofya kishale kidogo kwenye pembe ya kundi la `Show`, weka alama kwenye `Snap objects to grid` na andika `0.5 cm` kwenye `Spacing`. Baada ya hapo, kila ukibonyeza kitufe cha mshale wa kulia, ulichokichagua kinasogea nusu sentimita, yaani siku moja ya kazi. Chagua lenta, kumwagilia, kupaua na plasta, bonyeza mshale mara moja. Jamvi lichague peke yake na ubonyeze mara mbili, na mstatili wa kifusi uishie siku ya 17. Mstatili wa kuta urekebishe peke yake kwa namba, kwa sababu ndio uliobadilika urefu: kushoto 18.8, upana 3.

Ili usikosee wa kuchagua, fungua `Selection Pane` kwa Alt+F10 na uipe mistatili majina ya kazi zake. Ikibaki na majina kama `Rectangle 14`, siku ya haraka utasogeza msingi badala ya lenta. Na mishale inayounganisha kazi isikudanganye. Hata ikiwa imeshikamana na mistatili pande zote mbili, inachora tu uhusiano. Haisukumi kazi inayofuata.

## Dalili ya sita: wiki zimekwisha kabla ya kazi kwisha

Tumeshafika tarehe 10 Agosti, na jedwali limeishia tarehe 8. Kupunguza herufi na kusukuma mstatili nje ya jedwali si tiba. Ongeza wiki ya tisa na ubadilishe kipimo.

Wiki 9 za sentimita 2.7 ni 24.3. Punguza safu ya majina iwe 7.5, na mwisho unabaki palepale 32.8. Siku moja sasa ni 2.7 kugawa kwa sita, yaani 0.45. Mwanzo wa siku ya kwanza ni 8.5 badala ya 8.8. Kwa mistatili huna haja ya kuandika namba kumi upya. Iunganishe yote kwa Ctrl+G, ondoa alama ya `Lock aspect ratio`, soma upana wa kundi zima, uzidishe kwa 0.9, kisha weka `Horizontal position` 8.5. Kila mstatili unapungua kwa uwiano uleule na kila mmoja unabaki kwenye siku yake. Kundi linaloanzia siku ya 1 hadi mwisho wa siku ya 48 lina upana wa 24, kwa hiyo linakuwa 21.6. Baada ya hapo vunja kundi kwa Ctrl+Shift+G na uurefushe mstatili wa plasta hadi siku ya 49: siku ya 43 hadi ya 49 ni nafasi saba, upana 3.15, na Nane Nane imo ndani yake. Badilisha na `Spacing` ya gridi iwe 0.45.

Kama una alama za umbo la almasi za siku muhimu, mathalani siku ya kumwaga zege la lenta, zitakuwa zimebanwa na kuwa nyembamba. Zipe tena upana unaolingana na kimo chake.

Ushauri wangu kwa anayeanza leo ni kuacha wiki moja tupu mwishoni tangu mwanzo, hasa kazi inayopita Julai na Agosti.

## Dalili ya saba: maandishi ndani ya mstatili mfupi yamevunjika

Kazi ya siku mbili ni sentimita moja, na umbo nalo lina nafasi tupu ya ndani ya 0.25 kila upande. Inabaki nusu sentimita ya kuandikia. Fungua `Format Shape`, nenda sehemu ya `Text Box`, chagua `Do not Autofit` na uondoe alama ya `Wrap text in shape`. Au acha mstatili mtupu. Jina limeshaandikwa upande wa kushoto, halihitaji kurudiwa.

## Dalili ya nane: kwako iko safi, kwenye simu ya mwenye kazi imevurugika

Ukimtumia faili ya PowerPoint na simu yake haina fonti uliyotumia, simu itaweka nyingine. Ikiwa pana zaidi, majina yanavunjika mistari miwili, safu zinarefuka, na tunarudi kwenye dalili ya pili bila wewe kugusa kitu. Ukimtumia kama picha kupitia WhatsApp, picha inabanwa na tarehe za vichwa vya wiki hazisomeki.

Hifadhi kama PDF na uitume kama `Document`. Kabla ya hapo ichapishe mara moja kwa nyeusi na nyeupe kwenye A4, kwa sababu karatasi ya ukutani saiti kwa kawaida haina rangi. Bluu ya kuta na kijani ya kumwagilia zinaweza kutoka kijivu kimoja. Mstatili wa kumwagilia upe mistari ya mshazari kupitia `Pattern fill` na ukingo mweusi, ili anayeitazama kwa mbali ajue kwamba siku zile hakuna anayejenga, kuna anayemwaga maji. Andika pia pembeni chini tarehe ya toleo, kwa mfano "Toleo la 2, 2 Julai 2026". Karatasi mbili zenye sura moja na tarehe tofauti za kupaua, moja ukutani na nyingine mfukoni mwa mwenye kazi, ni ugomvi ambao hakuna fomula itakayouamua.